Shilingi 50 kwa siku ya kazi: namna ya kuwaeleza vijana wanaosubiri mshahara wa maana

*"Nimeombwa kuhutubia kikundi cha vijana hapa Kayole Jumamosi ijayo, kwa dakika 20, kuhusu kuweka akiba. Wengi ni waendeshaji wa bodaboda, vibarua wa mjengo, wasusi, na wengine wamemaliza chuo wanangoja kazi. Kila nikigusia jambo hili hunijibu kwamba shilingi 50 kwa siku ni pesa ya chai, na kwamba wataanza kuweka akiba wakipata mshahara wa maana. Safari iliyopita niliwapigia hesabu ya riba wakacheka. Niwaambie nini ambacho ni kweli?"*

Vijana hao hawakukosea kucheka, na ningekushauri uanze hotuba yako kwa kulikubali hilo mbele yao. Hesabu ya riba ndiyo hoja ambayo wengi wetu huikimbilia tunapozungumzia akiba, na kwa mtu anayeweka kidogo, katika mwaka wa kwanza na wa pili, ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Mchukue kijana anayeweka shilingi 50 kila siku anayofanya kazi, na tuseme anafanya kazi siku 25 kwa mwezi. Kwa mwezi atakuwa na 1,250, na kwa mwaka 15,000. Akiziweka katika mfuko wa soko la fedha, yaani ule unaokusanya pesa za watu wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi kwa serikali na benki, unaolipa asilimia 10 kwa mwaka, faida hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, kwa hiyo kinachomfikia ni asilimia 8.5. Tena pesa yenyewe huingia kidogo kidogo, na ile ya Novemba haijapata hata miezi miwili ya kuzaa. Mwisho wa mwaka faida yake yote ni kama shilingi 600. Ukisimama mbele ya mwendeshaji wa bodaboda ukamwambia ajinyime mwaka mzima ili apate 600, atakuona hujui maisha yake.

Nimekaa miaka 14 kwenye dawati la mikopo la chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi, na faida kubwa ya akiba ndogo niliyoiona kwa wanachama wangu haikuandikwa kamwe kwenye taarifa ya akaunti. Ilikuwa katika gharama ambazo hawakuzilipa. Hilo ndilo ningependa ulijengee hotuba yako, nami nitakueleza kwa mfano mmoja ambao vijana wako wanaweza kuukagua wenyewe, tarakimu kwa tarakimu.

Mwendeshaji wa bodaboda asiyemiliki pikipiki anaingiza, tuseme, shilingi 1,500 kwa siku. Hapo hutoa hesabu ya mwenye pikipiki, 400, petroli 400, na chakula pamoja na mchango wa steji 150. Anabaki na 550 za kodi ya nyumba, chakula cha nyumbani na mengine yote. Siku ya Alhamisi tairi la nyuma linapasuka, na fundi anamwambia kwamba tairi, tyubu na kazi yake ni 3,500. Kijana huyu hana kitu mfukoni. Pikipiki inalala karakana siku mbili huku akitafuta pesa, na katika siku hizo anapoteza 1,100 ambazo angebaki nazo. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake hata hivyo, kwa hiyo hapo ana deni la 800. Hatimaye anakopa 3,500 kwa simu, kwa ada ya shilingi 8 kwa kila 100 kwa siku 30, yaani 280. Siku 30 zikifika hana pesa yote, basi analipa ada na kuuhuisha mkopo, mara ya pili na ya tatu, mpaka ada imefika 840. Ukijumlisha yote, tairi la 3,500 limemgharimu 6,240.

Sasa mweke hapo kijana yuleyule, mwenye kipato kilekile, ila amekuwa akitenga 50 kila siku ya kazi. Anahitaji siku 70 za kazi kufikisha 3,500, ambazo hazitimii hata miezi mitatu. Tairi likipasuka, anatoa pesa, fundi anafunga, na alasiri hiyohiyo yuko barabarani. Hata nikimhesabia nusu siku aliyoipoteza, shilingi 275, bado amemshinda mwenzake kwa zaidi ya 2,400 katika tukio moja. Faida ya mfuko kwa mwaka mzima ilikuwa 600, na tairi moja limemwokolea mara nne ya hiyo. Na bodaboda haiharibiki mara moja kwa mwaka. Kuna cheni, kuna klachi, kuna breki, na kuna siku mtoto anapoumwa usiku.

Hiyo ndiyo sababu akiba ndogo ya mara kwa mara inafanya kazi kwa mtu wa kipato kidogo kuliko hata kwa tajiri. Mtu mwenye mshahara mkubwa akikosa 3,500 mkononi, ataazima kwa rafiki na kurudisha mwisho wa mwezi bila gharama yoyote. Asiye na mshahara hulipia ukosefu huo kwa ada, kwa siku za kazi zinazopotea, na mara nyingi kwa kuuza kitu kwa bei ya hasara. Pesa kidogo iliyo karibu, siku inapohitajika, huzuia hasara hizo zote kwa mpigo. Kwa hiyo kumwambia kijana angoje kipato kiongezeke ndipo aanze ni kumwambia aendelee kulipa gharama hizo katika miaka ileile ambayo hazibebeki.

Ningependa uifanye sehemu hii ya hotuba kwa vitendo. Mpe kila mmoja kipande cha karatasi na umwombe aandike mambo matatu bila kutaja jina lake: dharura ya mwisho iliyompata, ilimgharimu kiasi gani, na pesa aliitoa wapi. Kusanya karatasi, uzisome kwa sauti moja moja, kisha mjumlishe pamoja ada, riba na siku zilizopotea. Nimefanya hivi na vikundi kadhaa, na kila mara ukumbi hunyamaza wenyewe pale jumla inapoandikwa ubaoni, kwa sababu si mfano wangu tena bali ni pesa zao.

Baada ya hapo ndipo ungewaambia maneno kama haya, ukiyarekebisha kwa lugha yako:

"Sikuja kuwaambia kwamba shilingi 50 zitawatajirisha. Nimekuja kuwaonyesha kwamba hizi mlizozijumlisha hapa ubaoni mnazilipa tayari, kila mwaka, kwa watu msiowajua. Mnaweza kuendelea kuzilipa baada ya dharura kutokea, pamoja na ada juu yake, au mnaweza kuanza kujilipa wenyewe kabla haijatokea, bila ada. Kiasi ni kilekile au ni pungufu. Kinachobadilika ni nani anayekaa na pesa hizo kabla dharura haijafika."

Sasa tuje kwa wale wanaongoja mshahara wa maana, ambao nadhani ndio watakaokusumbua zaidi kwa maswali. Hapa nakuomba uwe mkweli kabisa, kwa maana hoja yao ina nguvu upande mmoja. Kijana anayeweka 1,250 kwa mwezi kwa miaka miwili atakuwa na 30,000 na faida kidogo. Mwenzake asiyeweka chochote, akipata kazi ya mshahara wa 35,000, anaweza kumfikia na kumpita ndani ya mwaka mmoja kama ataweka 5,000 kila mwezi. Kwa tarakimu tupu, kipato kikubwa hushinda. Ukikataa jambo hilo, aliyesoma hesabu chuoni atakunyosha mbele ya watu, na atakuwa na haki.

Swali ni kama atafanya hivyo kweli, na hapa nina ushahidi wa macho yangu. Kwanza, mshahara unaotajwa katika barua ya kazi sio unaoingia benki. Kwa viwango vya 2025, mtu anayelipwa 35,000 hukatwa NSSF, bima ya afya ya SHA, ushuru wa nyumba na kodi ya PAYE, naye hubaki na takriban 29,500. Kama alisomeshwa kwa mkopo wa HELB, marejesho yake yataanza kukatwa hapo pia. Pili, mshahara mkubwa hauji peke yake, huja na matumizi yake. Mwezi wa kwanza kijana huhama chumba cha 4,000 kwenda nyumba ya 10,000, ambako huombwa kodi ya mwezi pamoja na amana ya kiasi hichohicho, 20,000 kwa mkupuo. Ananunua viatu na mashati ya kazini. Nauli inapanda kwa sababu ofisi iko Westlands. Nyumbani kijijini habari zimefika, na mdogo wake aliye kidato cha pili ana karo. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni ubadhirifu; zote ni za haki. Lakini baada ya miezi minne zimekuwa gharama za kudumu, na kodi ya nyumba ikishapanda ni vigumu mno kuishusha bila mtu kujiona ameanguka.

Pale kwenye dawati langu waliokuwa wakija wakiwa na mshahara mzuri na akiba ya sifuri walikuwa wengi kuliko unavyoweza kudhani, na karibu wote walianza mazungumzo kwa maneno yale yale: "Nilikuwa nimepanga kuanza mwaka huu." Hawakuwa wavivu wala wajinga. Walichokosa ni mahali palipokwishatengwa kwa ajili ya akiba kabla mshahara haujafika, kwa hiyo ulipofika, kila shilingi tayari ilikuwa na mwenyewe. Yule aliyezoea kuweka 1,250 katika siku za kibarua hufanya kitu kimoja tofauti siku anapopata barua ya kazi: anajaza fomu ya makato ya moja kwa moja na kupandisha 1,250 ikawa 5,000 kabla ya kutafuta nyumba, na anatafuta nyumba kwa kile kinachobaki. Tofauti yao ni ya wiki mbili tu katika mpangilio wa mambo, lakini huamua miaka inayofuata. Waombe wale waliomaliza chuo wakumbuke hasa jambo hili: akiba ianze kabla nyumba haijabadilika.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa nje ya vyama vya akiba na mikopo hawaijui, nayo inawahusu sana vijana wanaotaka mtaji. SACCO nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, mara nyingi kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Kijana akisikia hivyo hudhani kwamba anaweza kungoja, siku akipata 50,000 kwa mpigo azipeleke, na wiki ijayo aombe 150,000. Sivyo inavyokwenda. SACCO nyingi hudai uwe mwanachama kwa miezi kadhaa, mara nyingi 6, na umechanga kila mwezi bila kuruka. Nyingine zina kanuni kwamba pesa iliyowekwa kwa mkupuo haihesabiwi katika mkopo mpaka ikae kwa muda fulani. Nyuma ya kanuni hizo kuna sababu nzuri: afisa wa mikopo hana njia bora ya kujua kama utalipa 4,000 kila mwezi kuliko kuona kwamba umekuwa ukichanga 1,250 kila mwezi. Zaidi ya hayo unahitaji wadhamini, yaani wanachama wenzako wanaokubali akiba zao zifungwe mpaka umalize kulipa. Hakuna anayemdhamini mtu aliyejitokeza jana, hata awe na pesa nyingi namna gani. Kwa hiyo huko, utaratibu wa kuchanga ndio unaofungua mlango, na haununuliwi kwa kuchelewa.

Lakini lazima uwaonye pia, kwa sababu hapa vijana wengi huumia. Akiba ya SACCO inayotumika kudhamini mikopo haitolewi unapotaka. Kwa kawaida huipata pale unapojitoa uanachama, baada ya notisi ambayo mara nyingi ni ya siku 60, na kama umemdhamini mtu ambaye hajalipa, utangoja zaidi. Yule mwenye tairi lililopasuka hasaidiwi na pesa za namna hiyo. Ndiyo maana mimi huwashauri wenye kipato cha siku waanze na akiba ya dharura mahali pa kutoka kwa urahisi, na wakishafikisha gharama ya dharura yao kubwa ya kawaida, tuseme 5,000 hadi 10,000 kwa mwendeshaji wa bodaboda, ndipo wageuze mchango wa kila mwezi kuelekea SACCO. Kufuata mpangilio huo kinyume ndiko kunakomfanya mtu akope kwa simu huku akiwa na 12,000 asizoweza kuzigusa.

Kuhusu mahali pa kuweka hiyo ya dharura, usiwatajie jina moja kana kwamba unauza. Waeleze vigezo. Pesa iliyobaki katika pochi ya M-Pesa unayotumia kulipia petroli na unga haitakuwepo Jumamosi, na njia ya kulitambua hili ni rahisi: ukiangalia taarifa ya mwezi na kuona kwamba ulitenga kila siku lakini salio la mwisho ni sifuri, basi hukuwa unaweka akiba bali ulikuwa unachelewesha matumizi kwa siku chache. Inatakiwa iwe mahali pengine, palipo na hatua moja au mbili za kuifikia. Akaunti ya akiba ya benki, ikiwemo ile inayofunguliwa kwa simu, inalindwa na shirika la bima ya amana la KDIC hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika benki moja. Mfuko wa soko la fedha kwa kawaida hulipa zaidi, husimamiwa chini ya mamlaka ya masoko ya mitaji, CMA, na baadhi hupokea kuanzia shilingi 100, ila haumo katika bima hiyo na pesa inaweza kuchukua siku moja au mbili kukufikia. Mtu anayetaka vyote viwili anaweza kuweka 2,000 za kwanza benki na zinazofuata katika mfuko.

Uwatahadharishe juu ya ada, kwa sababu huwatafuna hasa wale wanaoweka kidogo. Kama kila kuhamisha pesa kunatozwa shilingi 5, kijana anayehamisha 50 kila jioni atatozwa 125 kwa mwezi, ambayo ni sehemu ya kumi ya akiba yake, zaidi ya chochote ambacho mfuko utamlipa. Dawa ni kutenga kila siku na kuhamisha mara moja kwa wiki. Wapo vijana wanaoweka hamsini hamsini katika kopo lililofungwa, na Jumapili jioni wanampelekea wakala mia tatu. Kopo halizai, lakini kwa siku sita halina madhara, na linamwonyesha mtu kwa macho kile alichofanya.

Neno "kila siku" nalo limewavunja moyo wengi. Kibarua wa mjengo hana kazi kila siku, na mvua ya Aprili inaweza kumlaza nyumbani wiki nzima. Ukimwambia aweke 50 kila siku, wiki hiyo atashindwa, atajiona ameshindwa, na hatarudi. Sheria iwe ni kwa kila malipo: siku niliyolipwa, 50 zinatoka kabla sijafika dukani, siku ambayo sikulipwa, sidaiwi kitu. Msusi anayelipwa kwa kichwa anaweza kutoa 20 kwa kila kichwa. Muhimu ni kwamba kiasi kimefungwa kwenye tukio la kupokea pesa, si kwenye kalenda, na kwamba kinatoka kwanza. Kinachotoka mwisho, kwa mtu wa kipato kidogo, hakitoki.

Kama kikundi chenu kina mchango wa mzunguko, atainuka mtu aseme kwamba hiyo ndiyo akiba yao. Mwambie ni nusu ya kweli. Watu 10 wakichanga 500 kila wiki, anayepokea 5,000 wiki ya kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba, na anayepokea wiki ya kumi ndiye aliyeweka akiba. Ni jambo jema, na hunizuia mimi kukuambia vijana hawana nidhamu ya kuchanga, kwa maana hapo wanaionyesha kila wiki. Udhaifu wake ni kwamba zamu haijui dharura yako itakuja lini. Mkiweza kuongeza 50 za kila mtu katika mfuko wa pamoja usiogawanywa, wenye watu watatu wa kutia sahihi, mtakuwa mmelifunga hilo pengo.

Wapo ambao hawapaswi kuanza na akiba, nawe useme hivyo waziwazi ili wasirudi nyumbani na aibu. Mtu mwenye mkopo wa simu anaoulipia ada ya asilimia 8 kila mwezi hana sababu ya kuweka pesa mahali panapompa asilimia 8.5 kwa mwaka mzima. Aweke kiasi kidogo tu cha kumzuia asikope tena, kama 500 au 1,000, na zile 50 nyingine zote ziende kwenye deni mpaka liishe. Hapo ndipo ageuze mkondo. Na mama anayepunguza chakula cha mtoto ili atimize 50 asifanye hivyo. Kwake kinachotakiwa ni kipato, na hotuba ya akiba haikiongezi.

Je, riba isitajwe kabisa? Itaje mwishoni, kwa kipimo chake. Yule wa 1,250 kwa mwezi akiendelea bila kukatiza na kwa asilimia 8.5 ileile, baada ya miaka 10 atakuwa ameweka 150,000 na atakuta kama 235,000. Ni katika mwaka wa 9 tu ambapo faida ya mwaka inazidi kile anachoweka mwenyewe, kwa hiyo miaka inayotangulia ni ya mtu, si ya riba. Waambie pia kwamba bei hazitasimama kumngoja: mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 kila mwaka, 235,000 za wakati huo zitanunua vitu vya kama 144,000 za leo. Kwa hiyo kiwango cha 50 kisibaki 50 kwa miaka 10. Kiongezwe kila mara nauli za bodaboda zinapopanda au kibarua kinapoongezwa. Vijana hustahimili ukweli wa namna hii vizuri kuliko watu wazima wanavyofikiri, na watakuamini zaidi katika yale mengine.

Wakati wa maswali, kuna mambo matatu ambayo nakuomba usijaribu kuyatatua ukiwa jukwaani. La kwanza ni mtu mwenye mikopo ya simu minne au mitano inayolipana yenyewe kwa yenyewe. Huyo mkae naye kando, mwandike kila deni, ada yake na tarehe yake, kisha aende ana kwa ana kwa afisa wa mikopo wa benki au SACCO aulize kama madeni hayo yanaweza kuunganishwa kuwa moja la riba ndogo. Apate pia ripoti yake ya mikopo kutoka ofisi ya CRB, ambayo kila mtu ana haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, ili ajue anadaiwa na nani hasa. Mkopeshaji asiye na leseni ya Benki Kuu, au anayepigia simu watu wa ukoo wake kumtisha, ni wa kuripotiwa kwa Benki Kuu.

La pili ni yeyote atakayekuuliza kuhusu kikundi au kampuni inayoahidi asilimia 10 kwa mwezi. Mimi mwenyewe niliwahi kumpeleka ndugu yangu mahali palipojiita chama cha akiba, ofisi nzuri, risiti zenye mhuri, na pesa yake haikurudi. Hatukuwa tumeuliza leseni. Kabla ya mtu kuweka shilingi moja katika SACCO inayopokea amana, atafute jina lake katika orodha ya zilizopewa leseni ambayo SASRA, mamlaka inayosimamia SACCO, huichapisha kila mwaka, na kwa mfuko wa uwekezaji atafute katika orodha ya CMA. Jina lilingane herufi kwa herufi, kwa maana wadanganyifu hupenda majina yanayofanana na ya vyama vya kweli.

La tatu ni kikundi chenyewe kikitaka kuanza kushika pesa za wanachama pamoja. Mpelekeni katibu wenu katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo mkasajiliwe kwanza, na mfungue akaunti kwa jina la kikundi badala ya simu ya mwekahazina. Nendeni watu watatu mkiwa na kumbukumbu za mkutano, orodha ya wanachama pamoja na nakala za vitambulisho, na katiba ya kikundi iliyotiwa sahihi. Mtaulizwa katika katiba hiyo nani anaruhusiwa kutoa pesa, na mwanachama akihama au akifariki akiba yake inakwenda kwa nani; afadhali mlijadili jambo hilo Jumamosi hiyohiyo, wote mkiwa mmeketi ukumbini, kabla pesa haijaingia.